Sindano ya glukagoni: inafanya nini sukari ikishuka mpaka mtu akazimia

Glukagoni ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilekile kinachotoa insulini. Insulini hushusha sukari ya damu, glukagoni huipandisha. Sindano yake ni dawa ya dharura kwa mwenye kisukari ambaye sukari imemshuka mpaka hawezi tena kujisaidia: amezimia, amepatwa na degedege, au amepotewa na akili kiasi kwamba ukimpa chai inamtiririka kidevuni. Aliye macho na anameza vizuri haihitaji. Huyo apewe soda au maji ya sukari, na apewe upesi.

Ndani ya sindano hii hamna sukari. Kinachofanyika ni kuliamuru ini litoe sukari liliyoiweka. Kila tukila wali, muhogo au mkate, ini huweka sehemu ya sukari kama ghala linavyowekwa nafaka, na glukagoni ndiyo inayofungua mlango. Ghala likiwa na kitu, mgonjwa huamka. Likiwa tupu, mlango utafunguka na hakitatoka kitu. Ukilishika hili, utaelewa kwa nini dawa mara nyengine haifanyi kazi, na kwa nini mgonjwa lazima ale baada ya kuamka.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14, kilo 42, anayetumia insulini, anaishi Makangale kule kaskazini ya Pemba. Alasiri amecheza mpira mpaka magharibi. Usiku amepiga insulini yake kama kawaida lakini chakula amekigusa tu, kwa sababu ya uchovu. Saa tisa usiku mama yake anasikia kitanda kinagonga ukuta. Anamkuta kijana shuka limelowa jasho, ngozi ya baridi, mikono inakakamaa, akiitwa haitiki. Kipimo cha sukari kinasoma 1.9 mmol/L. Chini ya 4 tayari ni sukari iliyoshuka, na hapo imeshuka vibaya. Misuli iliyofanya kazi jioni huendelea kuvuta sukari kwa saa nyingi, na insulini ya usiku ikaongeza.

Wapo wanaoona degedege la usiku wakadhani ni shetani. Dua isomwe, lakini mkono mwengine ushike sindano. Kipimo kisipokuwepo pia usisubiri: mtu wa insulini aliyezimia huku anatoka jasho achukuliwe kuwa sukari imeshuka. Dozi moja ya glukagoni haitamdhuru sana hata kama ulikosea, ila insulini ukimpiga wakati huo unaweza kumuua.

Anayepiga si lazima awe daktari wala muuguzi. Mgonjwa mwenyewe hawezi, maana amezimia, kwa hiyo dawa hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye karibu: mama, kaka, jirani, mwalimu wa skuli, msimamizi wa dakhalia. Anachohitaji ni kuelekezwa mapema na mhudumu wa kliniki ya kisukari. Kasha lililopita muda lisitupwe haraka. Ni zuri la kujifunzia kuchanganya.

Kwanza mlaze ubavu. Usimtie kitu chochote cha kunywa mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Kasha la kawaida lina kichupa cha unga, miligramu 1, na bomba la sindano lenye maji yake, mililita 1. Toa kifuniko cha plastiki, choma sindano kwenye mpira wa kichupa na usukume maji yote. Bila kuchomoa, zungusha kichupa taratibu mpaka unga uyeyuke na dawa iwe angavu kama maji safi. Yakibaki na vipande au yakiwa mazito, usiyatumie. Vuta dawa yote, toa hewa, choma upande wa nje wa paja, katikati, na usukume mpaka mwisho. Mtoto wa chini ya kilo 25 hupewa nusu, yaani mililita nusu. Ikishachanganywa hutumika papo hapo. Kosa ninalolihofia zaidi ni la mtu aliyebabaika akapiga yale maji peke yake, unga ukabaki kwenye kichupa.

Ukimaliza kupiga, tafuteni gari. Mgonjwa kwa kawaida huanza kuzinduka baada ya dakika 10 mpaka 15. Zikipita hizo hajazinduka, anahitaji glukosi ya mshipani hospitali, na kama kuna kasha la pili apigwe huku mnakwenda. Pengine ghala lilikuwa tupu: ameshinda na njaa muda mrefu, amekuwa akitapika, au amekunywa pombe, kwani pombe hulizuia ini kutoa sukari. Mwenye kufunga Ramadhani akizimia karibu na futari ini lake limeshapungukiwa, kwa hiyo msitegemee sindano peke yake.

Kijana wetu anafumbua macho baada ya dakika 12, anauliza kwa nini watu wamejaa. Hapa ndipo wengi hushusha pumzi na kumwacha alale. Hapana. Sukari iliyotolewa na ini haidumu, kwa kawaida saa moja au zaidi kidogo, na insulini ya jana bado inafanya kazi. Mara tu anapokaa na kumeza, apewe soda yenye sukari kama nusu glasi au zaidi kidogo, kisha chakula cha kushiba: boflo na chai, muhogo, uji. Chakula hicho ndicho kinachojaza ghala upya. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida baada ya glukagoni, ndiyo maana alilazwa ubavu. Lakini akitapika kila anachopewa, ni safari ya hospitali, kwa sababu hana tena pa kupata sukari.

Apimwe kila dakika 15 mpaka ivuke 4 na itulie, halafu kila saa mpaka asubuhi, na asilale peke yake. Asubuhi kipimo kinaweza kusoma 14 au 15. Usikimbilie kumwongezea insulini, itamrudisha kulekule. Wala asiache insulini yake kabisa. Daktari au muuguzi apigiwe simu siku hiyohiyo apange dozi, na siku hiyo mpira usichezwe. Kwa siku chache mwili unaweza usimpe dalili za mapema kama kutetemeka, basi apime mara nyingi kuliko kawaida.

Mzee anayemeza vidonge vya glibenklamaidi ni habari nyengine. Vidonge hivyo hulikamua kongosho litoe insulini, na glukagoni yenyewe nayo hulichochea, kwa hiyo anaweza kuamka vizuri kisha akazimia tena saa kadhaa baadaye, hasa mwenye figo dhaifu. Huyo apelekwe hospitali hata kama ameamka na anaongea, alazwe na kuangaliwa kwa siku nzima au zaidi.

Kuhusu kuhifadhi, makasha mengi hayataki joto lipite nyuzi 25, na nyumba zetu huwa na joto zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Liwekwe kwenye friji, si kwenye barafu, na karatasi ya ndani isomwe kwa sababu aina hutofautiana. Si kila duka la dawa linaiweka, kwa hiyo ulizia kliniki kabla, na ukishaipata tazama tarehe ya mwisho uiandike juu ya kasha kwa kalamu nene. Likitumika usiku, la pili litafutwe kesho yake.