Kwa nini chapa huchekwa inapoongea kama vijana

Kazi yangu ni kusoma maandishi ya akaunti za kampuni kabla hayajatoka, kisha kusoma majibu ya watu yakishatoka. Swali ninaloulizwa zaidi na mameneja wa masoko ni hili: wateja wetu ni vijana, tumeongea nao kwa lugha yao, mbona wanatucheka? Wengi huwa wameshajijibu kabla hawajaniuliza. Neno lilikuwa limechuja, wanasema, tutafute jipya. Jibu hilo ndilo linalowarudisha pale pale mwezi unaofuata, kwa sababu hata neno lililozaliwa wiki hii huchekwa likitoka kwenye akaunti ya kampuni.

Kubadili lugha kwa ajili ya msikilizaji si kosa lenyewe. Kila mtu hufanya hivyo kutwa nzima. Mwanaisimu Allan Bell alilionyesha hili vizuri katika makala yake ya mwaka 1984. Alirekodi wasomaji wa taarifa za habari nchini New Zealand ambao walikuwa wakisoma habari kwenye stesheni mbili za redio zilizokuwa katika jengo moja. Stesheni moja ilisikilizwa zaidi na watu wa tabaka la juu, nyingine na watu wa kawaida. Msomaji alikuwa yule yule, studio zile zile, habari karibu zile zile, lakini sauti ya t iliyo katikati ya irabu ililegezwa na kukaribia d mara nyingi zaidi kwenye stesheni ya watu wa kawaida. Badiliko la namna hiyo halimchekeshi msikilizaji. Kwa kawaida hata halimshtui.

Tofauti ni kwamba wale watangazaji walikuwa wakiongeza au kupunguza kitu walichokuwa nacho tayari. Akaunti ya kampuni haina lafudhi ya kulegeza. Haikukulia popote, haina marafiki, haina namna yake ya kuongea ikiwa imechoka au imekasirika. Kwa hiyo inapotaka kusogea karibu na vijana huruka moja kwa moja kwenye kitu kinachoonekana zaidi, yaani simo, maneno ya mtaani ya kundi fulani. Inaacha mwendo wa sentensi, inaacha namna vijana wanavyofupisha, wanavyonyamaza, wanavyojibizana, na inachukua neno moja linalong'aa na kulibandika juu ya tangazo ambalo muundo wake haujabadilika. Msomaji huona kiraka mara moja.

Mfano ambao sisi wa fani hii huurudia ni wa mwaka 2014. Juni mwaka huo msichana mmoja wa Marekani aliyekuwa akijulikana mtandaoni kama Peaches Monroee aliweka video kwenye Vine, mtandao uliokuwa ukiruhusu video za sekunde sita tu. Alikuwa kwenye gari, akizisifia nyusi zake zilizotengenezwa vizuri, na akasema ziko "on fleek", yaani zimekaa sawasawa kabisa. Usemi huo ulishika moto. Ulianza kwa vijana Weusi wenzake, ukapita kwa wasanii, ukafika kwa kila mtu. Ilipofika Oktoba, akaunti ya Twitter ya IHOP, kampuni ya migahawa, iliandika maneno matatu: "Pancakes on fleek."

Ukitazama upande wa idadi tu, yale maneno matatu yalisambaa sana, na ndiyo maana kampuni nyingi ziliiga. Lakini angalia kilichotokea kwa usemi wenyewe. Kwenye video, ulikuwa sifa ya mtu kwa sura yake mwenyewe, na furaha yake ilitokana na kujiamini kwa yule msichana. Kwenye tangazo, ulikuwa sifa ya bidhaa kutoka kwa muuzaji wake. Na yule aliyeutoa usemi alisema baadaye kwamba hakulipwa chochote na kampuni zilizoutumia. Mwaka 2017 alikuwa akichangisha pesa mtandaoni ili aanzishe biashara yake ya vipodozi na nywele. Hili si jambo la pembeni. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa maneno ya vijana kwenye Kiingereza cha mtandaoni yametoka kwa Wamarekani Weusi, na wasomaji wanaolijua hilo hawasikii mzaha tu kampuni inapoandika hivyo. Wanasikia mtu anachuma asipopanda. Kejeli zao zina hasira ndani yake, na nadhani hasira hiyo ni ya haki.

Desemba ya mwaka huo huo ilizuka akaunti ya Twitter iliyoitwa Brands Saying Bae. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukusanya maandishi ya kampuni zilizotumia "bae", neno la kumwita mpenzi, na maneno ya aina hiyo, na kuyaweka hadharani. Haikuhitaji kuongeza maelezo mengi. Yakipangwa kumi mfululizo, kampuni za vyakula, za vinywaji na za mavazi zilisikika kama mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa kijana.

Hapa ndipo ninapoutofautisha uchakavu wa neno na tatizo lenyewe. Ni kweli kwamba kampuni huchelewa. Mwandishi anapendekeza, meneja anasoma, mwanasheria anasoma, bosi anaidhinisha, na kufikia hapo kundi lililolianzisha neno limeshaanza kulikwepa. Ila kuchelewa kunaeleza nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye uhusiano.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao juu ya adabu katika mazungumzo, waliziweka simo na alama nyingine za kundi miongoni mwa njia za kumwambia msikilizaji kwamba sisi ni wamoja. Njia hiyo hutegemea umbali uliopo kati ya wasemaji, na mamlaka ya mmoja juu ya mwenzake. Rafiki akiitumia, anakumbusha ukaribu ambao upo. Mgeni akiitumia, anadai ukaribu ambao haupo. Na mgeni mwenye mamlaka juu yako akiitumia, anakuomba usahau mamlaka hayo wakati yeye bado anayo.

Chukua mfano wa kubuni. Benki inaandika: "Wanangu, apu yetu mpya ni noma! Pakueni tule maisha." Kila neno hapo ni sahihi, na vijana wanayatumia. Sasa soma jibu la kwanza ambalo ningelitegemea: "Mwanao mimi? Basi nirudishie makato ya jana." Jibu hilo limeipima ile sentensi kwa usahihi kabisa. Mwana hamkati mwenzake makato. Mwana akikukopesha, hakutumii barua ya kisheria. Benki imechukua haki za urafiki na kuacha wajibu wake, na msomaji ameinyooshea kidole sehemu hiyo hasa. Badilisha "noma" kwa neno jipya zaidi la leo asubuhi, na jibu litabaki lile lile.

Ndani ya mfano huo kuna kasoro nyingine ambayo hurahisisha kugundua: msongamano. Simo tatu ndani ya sentensi mbili. Vijana hawaongei hivyo. Kwa kawaida neno la namna hiyo hutokea mara moja katikati ya maneno ya kawaida kabisa, mara nyingi bila alama ya mshangao, na hupata nguvu kwa sababu lipo peke yake. Mwaka 2016 afisa mmoja wa kuajiri wa Microsoft aliwatumia wanafunzi wa mafunzo kazini mwaliko wa sherehe uliowaita "bae intern", ukaahidi "hella noms" na "lots of dranks", yaani misosi na vinywaji tele, na kumalizia kwa furaha ya "getting lit", kulewa na kujirusha, siku ya Jumatatu. Picha ya barua hiyo ilizunguka mtandaoni, na kampuni ikakiri kwamba iliandikwa vibaya. Ilikuwa barua kutoka kwa mwenye ajira kwenda kwa watafuta ajira. Umbali mkubwa, mamlaka makubwa, na simo zimepangwa kama orodha ya bidhaa. Sijui mfano unaokusanya kasoro zote vizuri zaidi ya huo.

Na aibu ile anayoisikia msomaji, kujikunyata kwa niaba ya mwingine, inatoka hapo pia. Mtu akijaribu kuingia kundini akashindwa, wanaotazama hulazimika kuona jaribio lenyewe, ambalo kwa desturi huwa limefichwa. Kwa mtu binafsi tungeweza kuhurumia. Kwa kampuni, huruma haina pa kushika, hivyo inabaki kejeli.

Mameneja huniuliza watajuaje kama wanachekwa au wanachekewa. Namba ya jumla haisaidii, kwa sababu kejeli nayo husambaza. Mimi hutazama kwanza uwiano: majibu na nukuu, yaani watu kusambaza chapisho letu wakiongeza maneno yao, zikizidi kwa mbali idadi ya waliopenda, kuna tatizo. Kisha nasoma nukuu zenyewe. Watu wakilirudia neno letu ndani ya alama za kunukuu, wanatuiga kwa kejeli. Wakiongeza utani wao juu ya wetu, wamekubali mchezo. La tatu ni skrinishoti. Mtu akipiga picha badala ya kusambaza kiungo, anatarajia tutafuta, na anataka ushahidi ubaki.

Zipo akaunti za kampuni zinazochekesha vijana bila kuchekwa, na Duolingo, kampuni ya apu ya kujifunza lugha, ndiyo inayotajwa zaidi kwa akaunti yake ya TikTok. Watumiaji walikuwa wameshaanza wenyewe kumtania bundi wa kijani aliye nembo ya apu hiyo kwa jinsi anavyowasumbua na vikumbusho vya somo. Kampuni ilimchukua bundi huyo, ikamvalisha mtu, na kumwachia awe msumbufu kweli. Haikudai kuwa rafiki wa mtu. Ilikubali nafasi ambayo wasomaji walishaipa, na mamlaka yake yakawa sehemu ya kichekesho badala ya kufichwa. Njia hii ina mipaka. Kampuni inayoshika pesa za watu au afya zao haiwezi kujifanya msumbufu wa kuchekesha, kwa sababu usumbufu wake unauma kweli.

Kwa timu ninazofanya nazo kazi, ninaomba jaribio moja kabla ya kuchapisha. Ondoa simo zote, kisha usome kilichobaki. Kama kilichobaki ni habari yenye manufaa au utani unaosimama wenyewe, simo haikuhitajika. Kama hakibaki kitu, basi hapakuwa na la kusema, na simo ilikuwa imewekwa kuziba pengo. Nimeona machapisho machache sana ambayo neno lenyewe lilikuwa likifanya kazi isiyoweza kufanywa na kingine.

Na ikishatokea kwamba limetoka na watu wanacheka, silifuti, kwa sababu skrinishoti tayari ipo na kufuta huwa habari ya pili. Pia siruhusu jibu la utani lenye simo nyingine, ingawa ndilo la kwanza kumjia mwandishi aliyebanwa. Ninashuka kwenye majibu kumtafuta yule aliyeuliza juu ya makato yake, na kumjibu kwa Kiswahili cha kawaida: yalikatwa lini, kwa nini, na yatarudi siku gani.