Mkataba umeisha, mpangaji bado yumo: notisi ni ya muda gani?

Wapangaji wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria huamini kwamba notisi ya mwezi mmoja yatosha kwa nyumba yoyote. Hapa Kenya jibu hutegemea aina ya upangaji.

Mkataba wa muda maalumu, tuseme kuanzia tarehe 1 Februari 2024 hadi 31 Januari 2025, huisha wenyewe siku iliyoandikwa. Si landilodi wala mpangaji anayelazimika kutoa notisi, ila kama wenyewe waliiandika. Ugumu ni kuondoka kabla ya wakati. Ukitaka kuhama Agosti na mkataba hauna kifungu kinachoruhusu kuuvunja mapema, notisi yako, hata ya miezi miwili, haikuondolei deni la kodi. Itabidi mkubaliane, na makubaliano hayo yaandikwe.

Sasa tuseme Januari imepita, mpangaji huyo yumo bado, na landilodi ameridhia abaki. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema upangaji unageuka kuwa wa mwezi hadi mwezi, na masharti ya mkataba wa zamani yanaendelea, isipokuwa kama wamepatana vingine. Hivyo soma tena karatasi ile ya zamani: kipengele chake cha notisi huenda bado kinakubana. Tena, landilodi kupokea kodi ya Februari kwa M-Pesa si lazima kuwe na maana kwamba ameridhia. Ikiwa mambo mengine aliyoyatenda, kwa mfano barua za kukutaka uhame, yanaonyesha kinyume, hayo ndiyo yatakayotazamwa.

Kama hakuna kipengele cha notisi, kifungu cha 57 ndicho kinachoongoza, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Kwanza, notisi isipungue kipindi cha kulipia kodi: anayelipa kwa mwezi atoe mwezi, anayelipa kila miezi mitatu atoe miezi mitatu. Pili, iishie siku ambayo kodi hulipwa. Sharti hili la pili ndilo husahaulika.

Mpangaji wetu hulipa shilingi 18,000 kila tarehe 1. Tarehe 12 Machi 2025 anaandika kwamba atahama tarehe 12 Aprili. Mwezi umetimia, lakini tarehe 12 si siku ya kodi, kwa hiyo notisi hiyo ina kasoro. Siku ya kodi inayofuata baada ya mwezi kutimia ni 1 Mei, na kodi ya Aprili yote ni yake. Angeandika kabla Machi haijaanza, angetoka tarehe 1 Aprili. Kuchelewa huko ndiko kunakozaa mabishano ya depoziti. Landilodi naye anabanwa na hesabu hiyo hiyo akitaka nyumba yake.

Duka, hoteli na mkahawa vina sheria yao, Sura ya 301. Upangaji ukiwa chini ya sheria hiyo, landilodi hutumia fomu maalumu na kutoa notisi isiyopungua miezi miwili.