Kadi ya simu iliyofungwa haifunguki kwa kubahatisha

“Nimekosea PIN ya laini mara tatu, sasa simu inadai PUK. Rafiki yangu hapa Darajani anasema nitie kadi kwenye simu nyengine au niifleshi simu, itaanza upya. Kweli?”

Si kweli, na tafadhali usijaribu. Hesabu ya makosa haikai kwenye simu, inakaa ndani ya kadi yenyewe. Ukiihamishia simu nyengine, hesabu inakwenda nayo. Kufleshi kutakufutia picha zako tu, na kadi itabaki imefungwa vile vile.

PUK ni namba ya tarakimu 8. Itafute kwenye lile plastiki kubwa ulilobandulia kadi uliponunua. Wengi tunalitupa siku ile ile. Kama huna, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya laini yako, wakupe. Kisha piga hivi, ukiweka namba zako:

```
**05*PUK*PINmpya*PINmpya#
```

Simu huonesha majaribio yaliyobaki. Kwa kawaida PUK unapewa 10. Ikisoma 9, umeshakosea mara moja: simama hapo. Yakimalizika, kadi imekufa kabisa, hapana fundi wa kuifufua, na utalazimika kubadilishiwa kadi kwa namba ile ile.

Pesa zako za simu hazipotei, maana hazimo kwenye kadi. Namba ya siri ya pesa hizo ni nyengine, wala mtu asikuombe hiyo wala PUK. Mtu akikupigia akitaka kukusaidia kufungua laini, akataka namba hizo, kata simu.