Kutambua jenereta kwa picha: petroli au dizeli, ya wazi au ya kanopi

Watu wengi wakiona jenereta iliyofungwa ndani ya boksi husema ni ya dizeli, na wakiona iliyo wazi husema ni ya petroli. Hapo ndipo wanapokosea. Boksi linahusu hasa kelele, mafuta ni suala jingine, na kila aina ya mafuta inapatikana kwa maumbo yote mawili.

Umbo ni rahisi. Jenereta ya wazi imeshikwa na fremu ya mabomba. Injini unaiona, na kwa zile ndogo tenki hukaa juu. Ya kanopi, ambayo wauzaji huiita sailenti, imefunikwa kwa mabati yenye milango na matundu ya hewa, na ndani yamebandikwa sponji ya kumeza sauti. Kelele hupungua, haiishi.

Kazi yenyewe ni kujua mafuta. Tuseme umetumiwa picha ya jenereta ya wazi. Usitazame rangi wala ukubwa wa tenki. Kuza picha kwenye kichwa cha silinda. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche, kwa hiyo utaona waya mnene unaoishia kwenye kofia ya mpira: hapo chini kuna plagi. Karibu na kichujio cha hewa kutakuwa na kabureta na kijiti cha choki.

Dizeli haina vitu hivyo, kwa sababu huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Badala yake kuna bomba jembamba la chuma, limepindwa, linalotoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli kichwani. Bomba hilo ni la chuma kwa sababu hubeba shinikizo kubwa mno kwa mpira. Kwenye injini ndogo za kuvuta kwa kamba, juu ya kichwa huwa pia na kijiti kidogo cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha. Ukikiona hicho, ni dizeli.

Kanopi iliyofungwa inaficha yote hayo, basi soma paneli. Kitufe cha choki maana yake petroli. Swichi yenye alama ya waya uliojikunja ni ya kupasha injini kabla ya kuwasha, hiyo ni dizeli. Kibati cha maelezo nacho husaidia: kwa umeme wa 50 Hz, mizunguko 1500 kwa dakika karibu kila mara ni dizeli, 3000 haikuambii kitu, maana zote mbili hutumia. Na vile vijenereta vya plastiki vyenye mshikio juu kama sanduku la safari, japo vimefungwa, karibu vyote ni vya petroli.

Paneli isiposomeka, mwombe muuzaji picha nyingine, mlango ukiwa wazi na kichwa cha silinda kikionekana. Kukisia ni hatari: pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huikausha na kuila.