Kushirikiana kutatua mgogoro si kuachiana nusu kwa nusu

Mgogoro wodini ni hali ambapo muuguzi anaona mwenzake anamzuia kufanya kazi yake ipasavyo. Mwaka 1974 Kenneth Thomas na Ralph Kilmann walichapisha kipimo chenye njia tano za kuukabili: kushindana, kumkubalia mwenzako, kukwepa, kuachiana nusu kwa nusu na kushirikiana. Hadi hapo hakuna ubishi. Kinachokera ni kwamba katika kozi za uongozi wa wauguzi hapa Mombasa njia mbili za mwisho huchukuliwa kuwa moja, kana kwamba kila aliyetuliza ugomvi ametatua jambo.

Chukua wodi ambayo zamu hubadilishana saa nane mchana. Mgonjwa wa nimonia hudungwa dawa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, kwa hiyo dozi ya mchana huangukia palepale kwenye makabidhiano. Muuguzi wa asubuhi anasema zamu yake imekwisha. Wa alasiri, anayevuka kwa feri ya Likoni na aghalabu huchelewa, anasema hakuambiwa. Chati inabaki bila sahihi, na atakayeisoma anaweza kuiruka dozi au kuirudia. Hatimaye hata salamu zimekatika.

Msimamizi mwenye haraka atamwambia huyu awahi kidogo na yule asubiri kidogo. Huko ni kuachiana: kila mmoja amepoteza kitu, dozi bado haina mwenyewe, na siku feri ikikwama ugomvi unarudi.

Kushirikiana huanza kwa kumsikiliza kila mmoja peke yake, mbali na wagonjwa, kisha kuichunguza chati. Sahihi zinazokosekana zikiwa za saa nane tu, tatizo liko zaidi kwenye mpango wa kazi kuliko kwenye tabia ya mtu. Ndipo msimamizi anawakalisha pamoja na kuwauliza wanahitaji nini, si nani alianza. Wa asubuhi anataka kuondoka bila deni. Wa alasiri hataki kulaumiwa kwa asilolikuta. Wanakubaliana kwamba dozi hiyo ni ya zamu ya asubuhi, itolewe na kutiwa sahihi kabla ya makabidhiano, nayo makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, chati mkononi. Uchelewaji msimamizi anaushughulikia peke yake na mhusika, na baada ya wiki mbili anaikagua chati tena. Dozi iliyokwisha kurukwa huripotiwa kwa utaratibu wake, hata kama wawili hao wamepatana.

Kuachiana kuna mahali pake. Wauguzi wawili wakigombea likizo ya Idi moja, hakuna cha kuchunguza: mmoja apewe Idi hii, mwenziwe ijayo. Mwanafunzi anayejibu hivyo hajakosea hata kidogo. Ila asiandike kwamba amewashirikisha.