Kukaba mtu na kukaba eneo katika netiboli

Kukaba mtu ni ulinzi ambao kila mchezaji anapewa mpinzani wake: WD, mlinzi wa pembeni, anamfuata WA, mshambuliaji wa pembeni; GD, mlinzi wa upande wa goli, anamfuata GA, mshambuliaji wa upande wa goli; C, mchezaji wa kati, anakaa na C, na wanafuatana popote sheria inaporuhusu. Kukaba eneo ni kitu kingine. Hapo mchezaji anapewa kipande cha uwanja, na mpinzani anakuwa wake pale tu anapoingia kwenye kipande hicho. Akitoka, anamwachia jirani.

Watoto wanaelewa la kwanza haraka, kwa sababu ni kufukuzana. La pili ndilo linalowasumbua. "Mwalimu, nimwache aende?" Ndiyo, mwache, ila mwambie mwenzako anakuja.

Eneo lina nguvu katika netiboli kwa sababu ya sheria moja. Uwanja wa mita 30.5 umegawanywa sehemu tatu, na mpira hauruhusiwi kuruka sehemu nzima bila kuguswa au kudakwa ndani yake. Kwa hiyo wapinzani wakirusha kutoka mstari wao wa nyuma, lazima wapitie sehemu ya kati. Hapo unaweza kuweka watu watano: GA, C na WA mbele, WD na GD nyuma yao. Upana ni mita 15.25, kwa hiyo kila mmoja wa mstari wa mbele anabeba takribani mita tano, yaani hatua moja huku na moja kule, mikono juu. Wawili wa nyuma hawasimami nyuma ya migongo ya wenzao. Wanasimama kwenye mianya kati yao.

Huku Dodoma viwanja vyetu vingi ni vya udongo, kwa hiyo mchoro hauhitaji ubao. Chora uwanja mdogo kwa kijiti, weka vizibo vya soda vitano vya rangi moja kwa walinzi na vitano vya rangi nyingine kwa wapinzani, kisha sogeza kokoto iwe mpira. Kokoto ikienda upande wa kulia, waulize watoto wasogeze vizibo wenyewe. Wengi watasogeza kimoja tu kilicho karibu. Jibu sahihi ni vyote vitano, hata kile cha mbali, ambacho kinaingia ndani na kuacha ukingo wa kushoto wazi. Ukingo huo tunauacha kwa makusudi. Pasi ya kuvuka upana wote inakaa hewani muda mrefu, na kwa upepo wetu wa Juni na Julai, msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, mara nyingi inayumba.

Kisha waingie uwanjani watembee. Mwalimu anabeba mpira mkononi, anatembea nao kutoka kwa mshambuliaji mmoja hadi mwingine, na walinzi wanasogea kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, muda uleule ambao mwenye mpira anaruhusiwa kukaa nao. Piga filimbi, wote wagande, kila mlinzi aonyeshe kwa kidole mtu aliye kwenye kipande chake. Vidole viwili vikielekea kwa mshambuliaji mmoja na mwingine hana kidole hata kimoja, umeliona tundu bila kueleza sana.

Mchezo mdogo unafuata, ndani ya sehemu moja ya uwanja. Washambuliaji wanne, walinzi watatu. Mshambuliaji mmoja anarusha kutoka nje ya mstari kisha anaingia, na wakiuvusha mpira mstari wa pili kwa pasi za ndani wanapata alama moja. Walinzi wakiunasa wanapata mbili. Mimi naupenda mchezo huu kuliko maelezo yoyote, maana wanne kwa watatu hakuna anayeweza kushika mtu wake. Eneo linazaliwa lenyewe.

Baadaye mwondoe mshambuliaji mmoja, punguza upana uwe nusu, na pasi tano mfululizo ziwe goli. Sasa kukaba mtu kunalipa. Kosa la hapa ni mlinzi kumkodolea macho mpinzani na kuupa mpira mgongo; anamgonga, filimbi inalia. Mwambie asimame kiubavu, awaone wote wawili. Na mwenye mpira akishatua, mlinzi awe angalau mita 0.9 kutoka mguu wake kabla ya kuinua mikono.

Mwisho changanya: wakicheza, paza sauti "mtu!" au "eneo!" wabadilike papo hapo.

Eneo linavunjika mbele ya timu yenye pasi fupi za haraka, zinazotoka kabla walinzi hawajamaliza kusogea. Utaliona pale C wao anapodaka mara mbili mfululizo katikati ya mistari yako miwili. Hapo rudi kwenye mtu. Fanya hivyo pia mkiwa nyuma kwa magoli na dakika zimebaki chache, kwa sababu eneo linangoja wapinzani wakosee, na wao hawana haraka.