Baridi ya Iringa haifupishi mtoto: kanuni ya Bergmann haikusema hivyo

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili niliishia kuguna. Ya tatu nilikuwa kwenye bajaji kutoka Kihesa kwenda mjini, na mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe wa kiume wa miaka 2, wametoka kliniki. Mtoto amepimwa akiwa amesimama, sentimita 78. Kaka aliyekaa karibu na dereva akageuka akamwambia, "Dada, usiwe na wasiwasi. Sisi wa nyanda za juu tuko hivi. Baridi. Kuna sheria ya Bergmann, tuliisoma."

Tuliisoma, ndiyo. Tatizo ni alichokumbuka.

Mwaka 1847 Carl Bergmann, Mjerumani, aliandika kwamba kati ya wanyama wa damu moto walio jamaa wa karibu, wale wa nchi za baridi huwa na miili mikubwa kuliko wenzao wa nchi za joto. Mwaka 1877 Mmarekani Joel Asaph Allen akaongeza lake: viungo vinavyochomoza, yaani masikio, mkia na miguu, huwa vifupi kwenye baridi na virefu kwenye joto. Ndiyo maana mbweha wa ncha ya kaskazini ana visikio vidogo vya duara, na yule mdogo wa jangwa la Sahara ana masikio kama mapazia. Maana yenyewe inaishia hapo.

Sasa neno. Tunasema "sheria ya Bergmann" wakati neno linalofaa ni kanuni, na tofauti yake si ya wapenda lugha tu. Sheria ikivunjwa kuna mkosaji. Kanuni ilitufikia kwa Kiarabu, nacho kilitoa kwa Kigiriki, ambako ilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. (Ala ya nyuzi ya taarabu, ganuni, nayo inatajwa kuwa wa ukoo huohuo.) Fimbo haikiamuru kitu kinyooke. Unaiweka pembeni, unaona wapi kimefuata na wapi kimepinda. Bergmann na Allen walitoa fimbo ya namna hiyo: inaeleza mwelekeo wa wastani wa makundi yaliyoishi mahali kwa vizazi vingi sana, na wapo wanyama wasioifuata. Haimhusu mtoto mmoja kwenye bajaji.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kuzichanganya hizo kanuni mbili na kuzaa ya tatu isiyokuwepo: "baridi hufupisha watu."

Chukua vipande 8 vya mchemraba, kila upande sentimita 1. Vikikaa mbalimbali, jumla ya nyuso zinazoguswa na hewa ni 48. Vibandike viwe mchemraba mmoja mkubwa: nyuso za nje zinabaki 24, na kitu ni kilekile. Joto la mwili hutengenezwa ndani na hupotea kupitia nje, kwa hiyo mwili mkubwa hupoteza joto kidogo kwa kila kilo yake. Ndivyo sufuria ya ugali inavyobaki na moto wakati tonge la mkononi limeshapoa. Huyo ni Bergmann. Sasa vipange vilevile 8 kwa mstari mmoja, kama fimbo. Nyuso zinakuwa 34. Uzito haujabadilika, umbo ndilo limenyooshwa, na njia za joto kutoka zimeongezeka. Huyo ni Allen.

Kwa binadamu hesabu ina jambo moja ambalo wengi huliruka. Mwili wetu unakaribia umbo la gogo, na gogo likirefushwa bila kunenepa, eneo la nje na uzito huongezeka karibu kwa pamoja. Uwiano hautikisiki sana. Kinachoutikisa ni upana. Ndiyo maana Wadinka wa Sudan Kusini, warefu kama milingoti, na Wambuti wa msitu wa Ituri, wafupi kabisa, wote wanaishi kwenye joto na wote wana viwiliwili vyembamba. Wainuti wa kaskazini ya mbali ni watu wa miraba minne, wenye mikono na miguu mifupi ukilinganisha na kiwiliwili. Joto lina warefu na lina wafupi. Kimo peke yake hakikuambii mtu katoka wapi.

Kwa hiyo yule kaka angekuwa sahihi, mtoto wa Iringa angetarajiwa awe mpana na mzito kuliko wa Pwani. Sentimita 78 hazielezwi na Bergmann. Kwa mtoto wa kiume wa miaka 2 aliyesimama, katikati ya chati ya Shirika la Afya Duniani ni kama sentimita 87, na chini ya 81 huhesabiwa udumavu.

Atakayesema chati hiyo ni ya Wazungu, aangalie ilivyotengenezwa. Ilitolewa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sababu wananyonyeshwa vizuri, wanalishwa vizuri na hawakai na moshi wa sigara. Urefu wao hadi miaka 5 ulikaribiana mno. Oman ni tanuri na Norway ni barafu. Kama tofauti hiyo ya hewa haikuwatenganisha watoto walioshiba, baridi yetu ya Juni na Julai itawezaje? Nao utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa, wakati nchi nzima ni karibu asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine mahindi.

Namwelewa aliyedanganyika, maana lishe duni huigiza kanuni ya Allen. Mtoto akikosa chakula bora mapema, miguu ndiyo hupungukiwa kuliko kiwiliwili, na ukimtazama utadhani ni umbo la nchi ya baridi. Namna ya kuvitofautisha ni muda. Japani, kati ya 1957 na 1977, watoto walirefuka na karibu nyongeza yote ilikuwa miguuni. Hewa ya Japani haikugeuka kwa miaka 20. Maisha na mlo ndivyo viligeuka. Nakubali panya waliolelewa kwenye chumba cha baridi hupata mikia mifupi kuliko ndugu zao wa chumba cha joto, lakini mkia wa panya uko wazi usiku na mchana. Mtoto wa Kihehe yuko mgongoni, ndani ya kitenge na blanketi.

Tuliposhuka nilimwambia kaka, kwa upole, kwamba Bergmann alizungumzia ukubwa wa mwili na hakusema ufupi, na kwamba hata aliyosema hayamhusu mtoto mmoja. Akacheka, akasema mwalimu wao alikuwa na haraka. Mama yeye aliuliza swali la maana: atajuaje kama mwanawe ni mfupi tu kama babu yake? Kipimo kimoja hakitoshi. Arudi apimwe tena, bila viatu, visigino vikigusa ubao, na nukta zote ziunganishwe kwenye chati. Mtoto wa ukoo wa wafupi mstari wake hukaa chini lakini hupanda sambamba na mistari iliyochapwa. Ukilala na kuanza kukata mistari kwenda chini, aulizwe anakula nini zaidi ya uji wa mahindi mtupu, na ameharisha mara ngapi.